Duka liliuza nini mwezi wa Mei? Hivi ndivyo pivoti ya Excel inavyokujibu

Ukipanda matatu ya Ukunda pale Likoni, kabla ya kufika Diani utapita njia panda ya Tiwi, ambapo njia ya kwenda ufuoni inakatia mkono wa kushoto. Tuchukue duka moja la mfano mahali kama hapo. Limebuniwa na takwimu zake nimezipanga mimi ili hesabu zifuatike, ila ukiwa umekulia Kwale utalitambua bila shida. Asubuhi wenyeji wananunua unga, mchele na mafuta ya kupikia. Jua likiwaka, wanaoenda ufuoni wanasimama kununua maji na soda, na kwenye kamba nje zimetundikwa leso na vikoi.

Mwenye duka, mama wa makamo, anaandika kila mauzo kwenye daftari. Mpwa wake, aliyemaliza kidato cha nne, amelihamisha daftari hilo kwenye Excel, kuanzia Januari hadi Juni 2025, na sasa ana mistari zaidi ya elfu moja. Shangazi hataki mistari elfu moja. Ana swali moja tu: pesa zilizopo aziweke kwenye leso na vikoi kama alivyofanya mwisho wa mwaka, ama aziweke kwenye unga na mchele?

Kazi ya kujibu swali hilo inaitwa pivot table, nasi hapa tutaiita pivoti. Inachukua orodha ndefu na kuikunja iwe jedwali dogo: miezi upande mmoja, makundi ya bidhaa upande wa pili, na katikati jumla ya shilingi. Kuiunda kunachukua dakika mbili. Kinachokula muda ni orodha yenyewe, kwa hivyo tuanzie hapo.

Orodha kwanza

Kila mauzo yakae kwenye mstari wake, na mstari wa kwanza kabisa uwe na vichwa vya safu. Mpwa wetu ana safu sita: Tarehe, Bidhaa, Kundi, Idadi, Bei na Jumla. Makundi yake ni matatu tu, yaani Vinywaji, Vyakula na Nguo. Usiache mstari mtupu katikati ya orodha, na usiandike "JUMLA YA JANUARI" chini ya kila mwezi kama unavyofanya kwenye daftari. Pivoti haitajua kwamba huo ni mstari wa jumla. Itauhesabu kama mauzo mengine, na Januari yako itaonekana imeuza maradufu.

Sasa bofya popote ndani ya orodha kisha ubonyeze Ctrl+T. Excel itakuuliza kama orodha ina vichwa. Hakikisha alama imewekwa kwenye "My table has headers" halafu ubofye OK. Juu kutatokea kichupo kinachoitwa Table Design, na upande wa kushoto wake kuna Table Name. Futa jina lililopo uandike Mauzo. Faida ya hatua hii utaiona kesho: ukiongeza mistari mipya chini, jedwali litajinyoosha lenyewe na pivoti itaifikia.

Kwenye safu ya Jumla usipige hesabu kwa kikokotoo. Andika fomula hii kwenye kisanduku cha kwanza, na Excel itaishusha yenyewe hadi mwisho:

```
=[@Idadi]*[@Bei]
```

Ukiona #VALUE! kwenye mstari fulani, tazama Bei. Mara nyingi mtu ameandika 750/= kama tulivyozoea. Kwa Excel hayo ni maandishi, si namba. Andika 750 peke yake.

Kundi nalo lina mtego wake. Herufi kubwa na ndogo hazina neno, "vyakula" na "Vyakula" pivoti itaziweka pamoja. Lakini "Chakula" na "Vyakula" ni makundi mawili, na "Vyakula" yenye nafasi iliyobaki mwishoni ni kundi la tatu, tena hilo huwezi kuliona kwa macho. Badala ya kutegemea umakini wako saa tano usiku, chagua safu nzima ya Kundi, nenda Data, kisha Data Validation, chagua List kwenye Allow, na kwenye Source uandike Vinywaji,Vyakula,Nguo. Kuanzia hapo unachagua kutoka kwenye menyu, na ukiandika kitu kingine Excel inakukatalia.

Tarehe zinazodanganya

Hapa ndipo kazi nyingi za watu zinapoharibika, na wengi hawagundui.

Laptopu nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Sisi tunaandika siku kwanza. Mpwa anaandika 13/03/2025 akimaanisha tarehe 13 Machi. Laptopu inatafuta mwezi wa 13, haiupati, na inaacha kitu hicho kama maandishi tu. Hilo angalau linaonekana, kwa sababu maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku na tarehe halisi hukaa upande wa kulia.

Balaa ni siku moja nyuma yake. Anaandika 12/03/2025, yaani tarehe 12 Machi, na laptopu inapokea bila kulalamika: tarehe 3 Disemba. Kwa hivyo siku 12 za kwanza za kila mwezi zinatawanyika kwenye miezi yote ya mwaka, na siku zinazobaki zinakuwa maandishi. Ukijenga pivoti juu ya orodha kama hiyo itakuonyesha duka limeuza Oktoba, Novemba na Disemba 2025, ilhali daftari linaishia Juni. Ukiona mwezi ambao hamkuwa mmeufikia, usiendelee. Rudi kwenye tarehe.

Kama hujaanza kuandika, dawa ni rahisi. Fungua mipangilio ya Windows, tafuta Region, na ubadilishe Regional format iwe English (Kenya) au Kiswahili (Kenya). Funga Excel, uifungue tena, na tarehe zitasomwa siku kwanza.

Kama umeshaandika mistari elfu moja, usiifute. Tengeneza safu mpya pembeni na uweke fomula hii, ukichukulia tarehe ziko safu A na mauzo ya kwanza yako mstari wa 2:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Inavyofanya kazi ni hivi: ikikuta tarehe ambayo Excel imeikubali, inabadilishana siku na mwezi, hivyo 3 Disemba inarudi kuwa 12 Machi. Ikikuta maandishi, inakata herufi nne za mwisho kuwa mwaka, mbili za katikati kuwa mwezi, na mbili za kwanza kuwa siku. Inataka maandishi yawe na tarakimu mbili mbili, kama 13/03/2025. Palipoandikwa 13/3/2025 itatoa #VALUE!, nawe utaparekebisha kwa mkono. Matokeo yakionekana kama 45728 usishtuke, hiyo ni tarehe ambayo haijavishwa sura ya tarehe. Chagua safu uipe muundo wa Short Date. Kisha nakili safu hiyo, ibandike juu ya Tarehe kwa Paste Special, Values and number formats, na ufute safu ya pembeni.

Tahadhari moja: fomula hii ni ya orodha ambayo yote iliandikwa kwa mtindo wetu kwenye laptopu ya mtindo wa Kimarekani. Ukiitumia juu ya tarehe zilizo sawa, itazivuruga.

Kuburuta mara tatu

Orodha ikishakuwa safi, yanayofuata ni mepesi. Maelezo haya ni ya Excel ya kompyuta, toleo la 2016 na yaliyofuata.

Bofya ndani ya jedwali la Mauzo, nenda Insert, kisha PivotTable. Kwenye dirisha litakalofunguka, hakikisha kisanduku cha Table/Range kinasema Mauzo, chagua New Worksheet, bofya OK. Utapelekwa kwenye karatasi mpya, na upande wa kulia kutakuwa na PivotTable Fields: majina ya safu zako juu, na chini visanduku vinne vinavyoitwa Filters, Columns, Rows na Values.

Buruta Tarehe uiangushe kwenye Rows. Mara nyingi Excel itazikunja tarehe kuwa miezi papo hapo. Isipofanya hivyo, bofya tarehe yoyote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Group, weka alama kwenye Months na Years, bofya OK. Ikikujibu "Cannot group that selection", bado kuna tarehe ambayo ni maandishi mahali fulani. Rudi ukaitafute.

Buruta Kundi kwenye Columns. Buruta Jumla kwenye Values. Kazi imeisha.

Tazama pembeni juu ya jedwali: panasema Sum of Jumla? Sawa. Pakisema Count of Jumla, pivoti inahesabu mauzo yalikuwa mangapi badala ya kujumlisha shilingi. Hilo hutokea pale safu ya Jumla ina kisanduku kitupu au kisicho namba. Unaweza kubofya kulia, ukachagua Summarize Values By, kisha Sum, lakini tafuta kwanza kisanduku chenyewe, maana kiasi kilichoandikwa kama maandishi hakitajumlishwa. Mwisho, bofya kulia juu ya namba yoyote, chagua Number Format, Number, desimali sifuri, na uweke alama kwenye Use 1000 Separator ili 115700 isomeke 115,700.

Hili ndilo jedwali la duka letu:

| Mwezi (2025) | Vinywaji | Vyakula | Nguo | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Januari | 41,200 | 38,500 | 36,000 | 115,700 |
| Februari | 38,600 | 37,900 | 24,500 | 101,000 |
| Machi | 22,300 | 52,400 | 31,500 | 106,200 |
| Aprili | 35,900 | 39,200 | 21,000 | 96,100 |
| Mei | 17,400 | 40,100 | 4,500 | 62,000 |
| Juni | 19,800 | 40,600 | 6,500 | 66,900 |
| Jumla | 175,200 | 248,700 | 124,000 | 547,900 |

Safu ya mwisho ina kazi nyingine pia. Nchini Kenya, biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huangukia ushuru wa mauzo ghafi, TOT, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo ya mwezi. Duka lililouza 547,900 kwa nusu mwaka liko ukingoni mwa ile milioni moja, na shangazi hakuwa na njia ya kulijua hilo kwenye daftari.

Nguo ziliendaje?

Turudi kwenye swali lake. Nguo zilishuka kutoka 36,000 Januari hadi 4,500 Mei. Ukibofya kulia juu ya namba, ukachagua Show Values As na % of Row Total, utaona kwamba Januari nguo zilikuwa asilimia 31 ya mauzo, na Mei asilimia 7 tu. Mei, karibu shilingi 65 kwa kila 100 zilitoka kwenye vyakula. Mtu mwenye haraka angemwambia hapo hapo: shangazi, achana na nguo, nunua unga.

Usiishie hapo. Bofya mara mbili juu ya ile 36,000. Excel inafungua karatasi mpya yenye mistari yote iliyozaa namba hiyo, hakuna zaidi hakuna pungufu. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kitamu zaidi cha pivoti, na watu wengi hawakijui. Mistari hiyo ukiijumlisha inaonyesha vikoi 24 kwa shilingi 1,000 kila kimoja, na jozi 16 za leso kwa 750. Fanya hivyo kwa Machi: vikoi 12, leso jozi 26. Mei: vikoi hakuna, leso jozi 6.

Kwa hivyo "Nguo" ni kundi moja kwenye Excel lakini ni biashara mbili dukani. Vikoi vinafuata wageni wa ufuoni, ambao hupungua mvua za masika zikishika kuanzia Aprili kuelekea Juni. Leso zinafuata wenyeji, na Machi 2025 karibu yote ilikuwa Ramadhani, Idi ikaangukia mwisho wa mwezi. Ndiyo maana leso zilipanda mwezi uleule ambao vikoi vilishuka. Mwezi huohuo unaeleza pia kwa nini vyakula vilifika 52,400 na vinywaji vikaanguka: mchana watu wamefunga, jioni wanafuturu.

Ili kuliona hilo bila kubofya kila namba, buruta Bidhaa uiweke kwenye Columns chini ya Kundi. Kila kundi litafunguka kuonyesha bidhaa zake, na kuna alama ndogo ya kujumlisha na kutoa ya kulifungua na kulifunga. Jibu la shangazi sasa linabadilika. Vikoi asinunue Mei. Leso anunue, ila azingojee Idi inapokaribia. Pesa za miezi ya mvua ziende kwenye vyakula, ambavyo, Machi ikiwekwa kando, havikutikisika mwezi wowote.

Mwaka wa pili ukiingia

Tuseme mpwa ameongeza pia daftari la 2024. Kwanza, pivoti haijisasishi yenyewe. Bofya kulia ndani yake uchague Refresh, la sivyo utaendelea kusoma namba za zamani. Pili, hakikisha Years iko ndani ya pivoti, kwenye Columns kwa mfano. Ukikunja kwa Months peke yake, Excel itajumlisha Januari 2024 na Januari 2025 kuwa Januari moja kubwa, na haitakuonya.

Tatu, na hili ni la watu wa Pwani hasa: usilinganishe Machi na Machi bila kutazama kalenda. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31 na Idi ul-Fitri ikawa Aprili 10. Mwaka 2025 mambo yakageuka: Idi mwisho wa Machi, Pasaka Aprili 20. Kwa duka linalouza leso kwa wenyeji na vikoi kwa wageni wa likizo, miezi hiyo miwili imebadilishana wateja. Pivoti itakuambia leso "zimeanguka" Aprili 2025, kumbe zimehama tu. Ongeza safu ya saba kwenye orodha, iite Msimu, uandike Ramadhani, Idi, Pasaka, Likizo au Kawaida kwa kila mstari. Ukishafanya Refresh, Msimu utajitokeza kwenye orodha ya kulia. Uburute kwenye Rows mahali pa Tarehe, na utalinganisha Idi kwa Idi.

Jedwali hili ni la mauzo, si la faida. Vyakula vinaongoza kwa 248,700, lakini mfuko wa unga unaacha kidogo sana mkononi ukilinganisha na kikoi. Ukitaka faida, unahitaji safu ya bei ya kununulia, na daftari la shangazi halina.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halikuandika. Kisanduku cha vikoi mwezi wa Mei ni kitupu. Huenda hakuna aliyevitaka, na huenda pia vilikwisha Aprili na wateja wakapita bila kununua. Pivoti haiwezi kutofautisha hayo mawili, kwa sababu mauzo ambayo hayakufanyika hayana mstari. Shangazi alipoulizwa alifikiri kidogo, akasema vilibaki vitatu kwenye kamba hadi Julai, vimepauka kwa jua. Basi hapo tunajua. Mwaka ujao, siku bidhaa inapokwisha dukani, mpwa ataandika mstari wenye tarehe, jina la bidhaa, Idadi 0, na kwenye safu ya mwisho neno "imeisha".